Kiwele chenye maji na maswali mengine ya ukamuaji

*Shikamoo daktari. Kila asubuhi naosha kiwele chote kwa maji mengi, lakini maziwa yanakatika nikiyachemsha. Nakosea wapi?* (Mama, Ipuli, Tabora)

Marahaba mama. Nadhani unaosha kupita kiasi, tena hukaushi. Kiwele kikilowa chote, maji huteremka na vumbi, nywele na samadi hadi kwenye ncha ya chuchu, na kutoka hapo hudondokea kwenye ndoo. Kiwele chenye vumbi tu kipanguse kikavu. Nawa mikono kwa sabuni, osha chuchu nne peke yake kwa maji safi ya uvuguvugu, kisha zikaushe moja moja, ukizungusha kitambaa kwenye ncha. Ukiona doa la uchafu kwenye kitambaa, rudia. Kitambaa kimoja ni cha ng'ombe mmoja. Baadaye kifue, kichemshe na ukianike juani. Kwa kiangazi chetu hiki, utaokoa maji pia. Maziwa yakiendelea kukatika, kagua ndoo: plastiki yenye mikwaruzo hubaki na vijidudu hata ukiisugua.

*Kwa nini nitupe maziwa ya kwanza wakati ndama ameshanyonya?* (Mfugaji, Urambo)

Kwa sababu ndama hatakuambia alichonyonya. Akishateremsha maziwa, mwondoe, osha chuchu na kukausha, halafu kamua mikamuo miwili au mitatu ya kila chuchu kwenye kikombe cheusi, uone kama maziwa yana vipande, dalili ya ugonjwa wa kiwele. Usikamulie chini wala kiganjani, maana hapo ndipo ugonjwa unapohamia kwa ng'ombe wa pili.

Huko Uyui niliwahi kuona ng'ombe anakula vizuri, kiwele hakijavimba wala hakina joto. Chuchu tatu zilitoa maziwa safi. Ya nne, ya nyuma kulia, ilitoa vipande vidogo kama chenga za mgando. Mwenyewe alikuwa akiyachanganya yote kwenye ndoo moja. Ng'ombe wa namna hiyo mkamue wa mwisho, maziwa yake yasiuzwe, na umwite afisa mifugo siku hiyo hiyo. Akidungwa dawa, subiri siku zilizoandikwa kwenye chupa.

*Mimi napaka mafuta ya kukamulia. Bado nichovye dawa?* (Kijana, Nzega)

Ndiyo, mdogo wangu. Mafuta hulainisha, hayaui vijidudu. Na kidole kinachorudi koponi hubeba uchafu wa ng'ombe mmoja hadi kwa mwingine. Baada ya kukamua, tundu la chuchu hubaki wazi kwa nusu saa au zaidi. Chovya chuchu nzima, si ncha tu, kwenye dawa ya aidini iliyotengenezwa kwa ajili ya chuchu. Aidini ya vidonda yenye spiriti itapasua ngozi. Ndama akirudi kumalizia maziwa, subiri amalize, mfunge mbali, ndipo uchovye. Dawa iliyobaki kikombeni imwage, usiirudishe chupani. Kisha mwekee ng'ombe majani ili asimame hiyo nusu saa, asilale kwenye samadi tundu likiwa wazi.