Kutafsiri kadi ya kazi ya ndege: nati, vipimo na saini

*Shikamoo fundi. Mimi ni mtafsiri, niko Lamu. Nimepewa kadi za kazi kutoka manyuali ya matengenezo ya ndege ndogo, sehemu ya kufunga gurudumu, niziweke kwa Kiswahili kwa vijana wanaosaidia mafundi pale Manda. Nabadilisha maneno ili yasijirudie, lakini mhariri wangu hataki niyabadilishe. Vipimo vya kukaza je, nivigeuze viwe nyutoni-mita walizosoma shuleni? Na pale pa saini nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Mhariri wako yuko sawa, na sababu yake imo ndani ya hicho Kiingereza ulichopewa. Manyuali nyingi za ndege siku hizi huandikwa kwa kanuni ya Kiingereza kilichorahisishwa iitwayo ASD-STE100, iliyotokana na mwongozo wa viwanda vya ndege vya Ulaya wa mwaka 1986. Humo kila neno lina maana moja, na sentensi ya maelekezo haizidi maneno 20. Kitenzi cha kufuata, kwa mfano, ni cha kitu kinachokuja baada ya kingine tu. Kutii maagizo kuna kitenzi chake. Sisi "fuata" yetu yafanya kazi zote mbili, kwa hiyo ukitafsiri kwa mazoea ya kuandika barua nzuri, ule mpaka waliouchora unafutika bila wewe kujua.

Kabla ya kugusa kadi ya kwanza, tengeneza orodha yako ya vitenzi, kila kimoja na kazi yake, na usitoke nje yake. Kinachonitia wasiwasi kuliko vyote ni "fungua". Mtaani twafungua mlango, twafungua nati kidogo, twafungua nati tukaitoa kabisa. Kwenye kadi hayo ni matendo matatu. Mimi "fungua" huiacha kwa milango na vifuniko, "legeza" ni kupunguza mkazo nati ikibaki mahali pake, na "ondoa" ni kuitoa. "Kagua" iwe ya macho, "pima" iwe ya chombo. Na "washa" uiangalie: kadi yenye washa ya chini ya nati na washa ya swichi katika ukurasa mmoja yachekesha mezani, si chini ya bawa.

Tazama gurudumu lenyewe. Nambari hizi nimezitunga ili tuelewane tu, usizipeleke kwenye ndege yoyote. Ile in-lb ni inchi-pauni, kipimo cha mkazo, kama ft-lb ilivyo futi-pauni:

```
1. Kaza nati ya ekseli hadi 150 in-lb huku ukizungusha gurudumu.
2. Legeza nati hadi mkazo uwe 0 in-lb.
3. Kaza nati hadi 40 in-lb.
4. Kama matundu hayalingani, kaza hadi tundu linalofuata. Usilegeze.
5. Weka kotapini mpya.
```

Hatua ya kwanza ni ya kukalisha beringi. Rola zake zimelala mshazari, na hukaa sawa zikiwa zinazunguka huku zinabanwa. Ndiyo maana "huku" ya pale ni kubwa. Ukiandika "kisha zungusha gurudumu", kijana atakaza kwanza, spana ya kupima mkazo itamwonyesha 150, na rola bado hazijakaa. Akifika hatua ya tatu atapata 40 ya uongo. Utaijua baadaye ukilishika gurudumu juu na chini ukalitikisa: lina mchezo. Likikazwa kupita kiasi ni kinyume chake, huzunguka kwa uzito na beringi hupata moto.

Hatua ya pili ukiandika "fungua nati", atakayesoma ataitoa, beringi itasogea, na kazi ya hatua ya kwanza imepotea. Ya nne nayo nimeona ikitafsiriwa "sogeza hadi tundu la karibu". Tundu la karibu laweza kuwa nyuma. Ndege nyingine zaruhusu kurudi nyuma, hii ya mfano wetu hairuhusi, basi mwelekeo lazima usomeke ndani ya kitenzi. Ona pia kwamba nimeandika "kaza", si "nati ikazwe". Hiyo "ikazwe" haimwambii mtu yeyote afanye.

Vipimo usivigeuze. Nambari na alama ya kipimo ziende pamoja kama zilivyochapwa, `in-lb` kwa `in-lb`. Futi moja ni inchi 12, kwa hiyo 150 in-lb ni 12.5 ft-lb. Ukiandika "pauni 150" ukaacha inchi, na spana iliyo mkononi ikawa ya ft-lb, kijana ataelekezwa kwenye mkazo mara 12 ya unaotakiwa. Nyutoni-mita zina hatari ya kimyakimya zaidi. Ile 40 ni kama 4.5, na mtu akiona nukta ataifanya 5 ili ikae vizuri. Hiyo 5 ni zaidi ya 44 in-lb. Ikiwa spana iliyo kabatini imeandikwa in-lb, umemlazimisha pia arudishe hesabu kichwani akiwa amechuchumaa juani. Wafundishe vijana kusoma alama iliyo kwenye spana, kadi iiache.

Kitu kingine ambacho nambari haibebi peke yake ni hali ya thredi. Manyuali husema kama kipimo ni cha thredi kavu au zilizopakwa mafuta, mara nyingi kwa maneno mawili tu pembeni ambayo mtafsiri huyaona kama pambo. Huko kwenu chumvi hula kila chuma, na mkono wa fundi wa Lamu huenda kwenye kopo la grisi kabla ya kufikiri. Grisi hupunguza msuguano, kwa hiyo sehemu kubwa zaidi ya nguvu ileile huingia katika kuivuta bolti. Spana itasoma sawa huku bolti imevutwa kuliko ilivyokusudiwa. Maneno hayo yaandike kama sentensi kamili kabla ya hatua ya kukaza: "Safisha thredi. Usipake grisi." Au kinyume chake, kama ndivyo kadi isemavyo.

Onyo nalo liko palepale, kabla ya hatua. Kiingereza chao hutenga onyo la mtu kuumia na lile la kifaa kuharibika. Mimi la kwanza huliita ONYO, la pili TAHADHARI, na siyabadilishani hata siku moja.

Kuhusu saini, tafsiri yako isiwe na mahali pa kutia saini kabisa. Fundi mwenye leseni ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, huiachia ndege kwa kutegemea maelekezo yaliyoidhinishwa, na hayo ni ile manyuali ya mtengenezaji iliyo na toleo la sasa. Kampuni ikitaka kadi ya Kiswahili iwe ndiyo kadi ya kazi, hilo lipitie utaratibu wake wa kutoa kadi, si kwako. Wewe weka juu ya kila ukurasa nambari ya kadi ya asili, toleo na tarehe yake, na maneno "Haitumiki kutia saini". Lakini eleza saini zilizo kwenye kadi ya asili, ili kijana ajue ni wapi asimame asubiri. Hapo epuka "imekaguliwa", haisemi na nani. Andika "Fundi: nimefanya" na "Mkaguzi: nimekagua", na uiache mistari hiyo chini ya hatua ileile iliyokuwa. Ukiisogeza hadi mwisho wa ukurasa ili upangaji upendeze, mkaguzi ataitwa wakati kifuniko cha kitovu kimesharudishwa na nati haionekani tena.

Ukimaliza, mpe kijana ambaye hajaona ile ya Kiingereza, asome hatua ya pili kwa sauti na akuonyeshe kwa mkono juu ya gurudumu lililo benchini. Mkono ukiitoa nati, rudi kwenye orodha yako ya vitenzi.