Kabla hujapiga randa mlango wa reli

Jumanne iliyopita nilipanda ghorofa ya tatu kule Mikocheni kukagua mlango wa reli, ule unaoning'inia na kuteleza kwenye reli ya juu ukutani, uliofungwa na vijana wangu wawili. Ukifungwa unakaa vizuri, ukifunguliwa hadi mwisho kona yake ya chini inakwangua marumaru. Nikakuta wameshaushusha, wameulaza juu ya vibao viwili, na mmoja ameshika randa. Nikamwambia, mwanangu, weka randa chini. Akanijibu, "Fundi, ni milimita tatu tu." Maneno hayohayo niliwahi kuyasema mimi, na nakumbuka yalinifikisha wapi. Ndiyo maana naandika.

1. Reli ya dukani haikutengenezwa kwa ukuta wetu.

Milango hii asili yake ni maghala ya wakulima wa Marekani, na kule nyumba nyingi kuta zake ni fremu za mbao. Ndani ya ukuta kuna nguzo za mbao kila inchi 16, yaani takriban milimita 406. Ndiyo maana reli nyingi za mita mbili zinakuja na matundu matano yaliyoachana kwa kipimo hicho, pamoja na skrubu nene za mbao. Fundi wa kule akipata nguzo, kila skrubu inaingia kwenye mti.

Sisi tuna tofali. Nyumba ya chini yenye linta iliyozunguka ukuta mzima inakubeba, kwa sababu reli huangukia usawa wa linta na kila tundu linakutana na zege. Kwenye ghorofa za nguzo na mihimili, ukuta wa kati mara nyingi ni tofali la matundu, na linta iko juu ya uwazi wa mlango tu, imezidi kidogo kila upande. Sasa kumbuka reli inatakiwa iwe mara mbili ya upana wa mlango. Nusu moja iko juu ya uwazi, kwenye zege. Nusu ya pili, ambako mlango unapumzika ukiwa wazi, iko juu ya tofali tupu.

2. Mlango ulionifundisha.

Uwazi ulikuwa na upana wa sentimita 90. Nikatengeneza mlango wa mninga, sentimita 100 kwa 214, unene sentimita 4, ili uzidi uwazi sentimita 5 kila upande. Piga hesabu ya ujazo, zidisha kwa uzito wa mninga mkavu, unapata kama kilo 55. Reli mita mbili. Tundu la kwanza lilikuwa sentimita 19 kutoka mwanzo wa reli, la pili 59, la tatu 100, la nne 141, la tano 181. Linta ilikuwa inaishia kwenye sentimita 115 hivi. Kwa hiyo matundu matatu ya kwanza yaliingia kwenye zege, mawili ya mwisho kwenye tofali la matundu.

Na nililijua hilo wakati natoboa. Drili ilipofika tundu la nne ilipenya plasta, ikahangaika kidogo, halafu ikazama ghafla mpaka kwenye shingo. Mkono wa fundi unajua maana yake: umetokea kwenye uwazi wa tofali. Mchana ulikuwa umeshaenda, mama mwenye nyumba alikuwa na wageni kesho yake, nikaweka plagi za plastiki ndefu zaidi nikakaza. Zikakaza vizuri kabisa. Nikaning'inia kwenye reli kwa mikono miwili, haikutikisika. Nikachukua hela yangu.

Wiki tatu baadaye akanipigia simu. Mlango unakwangua sakafu. Nilikwenda, nikaufungua, nikaona kona ya nje inagusa marumaru. Nikaufunga, ukakaa sawasawa. Nikaufungua tena, ukagusa. Nikasema mbao zimevimba kwa unyevu. Nikaushusha, nikapiga randa milimita tatu, nikaurudisha, ukapita. Mama akanishukuru, akanipa na nauli.

Siku nne baadaye, usiku, reli ikang'oka upande ule. Mlango ulianguka kwa pembe, ukavunja marumaru mbili, ukaegemea kochi ambalo mtoto wake wa darasa la pili hulala akiangalia televisheni. Usiku huo alikuwa kwa bibi yake. Nilipofika asubuhi mama hakunifokea. Alinionyesha lile kochi, akaniuliza, "Fundi, ulipokuja mara ya pili, hukuona kitu?"

Nilikuwa nimeona. Juu ya mlango kulikuwa na unga mweupe wa plasta. Niliupangusa kwa kiganja kabla ya kupiga randa. Kwenye plasta, juu ya bolti ya mwisho, kulikuwa na ufa mwembamba uliotawanyika kama ukili. Na ile bushi ya mwisho, kile kipande cha bomba kinachotenga reli na ukuta, ilikuwa imeachana na ukuta kiasi cha kupitisha karatasi. Vitu vitatu, vyote usawa wa macho yangu nikiwa kwenye ngazi, na mimi nilikuwa naangalia chini kwenye marumaru.

Angalieni uzito ulikwenda wapi. Mlango ukiwa wazi wote, hanga moja, kile chuma chenye roda kinachouning'iniza mlango kwenye reli, inasimama kwenye sentimita 106, karibu na tundu la tatu lenye zege. Hanga ya pili inasimama kwenye 194, yaani imeshapita tundu la mwisho kwa sentimita 13. Nusu ya mlango, kilo 27 na ushee, inaning'inia nje ya bolti ya mwisho. Na hainingʼinii ukutani, iko sentimita kadhaa mbele ya ukuta kwa sababu ya bushi. Bolti haivutwi kwenda chini tu, inavutwa pia itoke ukutani. Plagi ya plastiki ndani ya tofali la matundu imeshika ganda jembamba la tofali. Kila mtoto akisukuma mlango kwa nguvu ukagonga kizuizi, ganda linasagika kidogo. Mimi kuning'inia dakika moja siku ya kwanza hakukupima lolote katika hayo.

3. Kasoro inatembea na mlango, au inabaki mahali pake?

Hili ndilo swali nililowauliza vijana Jumanne, na naomba mlijibu kabla ya kugusa chombo chochote. Usukume mlango taratibu, usimame mwanzo, katikati na mwisho, kila mara ukiangalia nafasi ya chini.

Kama mlango umeinama vilevile kila unaposimama, na ukiuachia hautembei wenyewe, kasoro iko kwenye mlango: hanga moja imefungwa juu kuliko nyenzake, au mlango wenyewe hauko mraba. Kama umeinama vilevile lakini ukiuachia unateleza wenyewe upande mmoja, reli imelala upande huo. Na kama mahali pamoja uko sawa na mahali pengine unagusa, basi hakikisha kwanza sakafu haijapanda pale kwa kuweka pima maji ndefu juu ya marumaru. Sakafu ikiwa sawa, reli inashuka. Panda ngazi, angalia bushi moja moja, ingiza kipande cha karatasi nyuma yake. Ikipita, mlango unashuka siku hiyohiyo na haurudi mpaka ukuta ushughulikiwe. Wa Jumanne karatasi ilipita kwenye bushi mbili.

4. Ubao wa kubebea reli.

Usiifunge reli moja kwa moja kwenye ukuta wa namna hii. Mama yule nilimtengenezea ubao wa mninga wa mita 2.2, upana sentimita 15, unene 4. Reli nikaifunga kwenye ubao chini, mezani, kwa bolti zilizopita hadi nyuma na nati zilizozamishwa, ili ubao ulale bapa ukutani. Sehemu ya linta nikaweka bolti tatu za kutanuka za milimita 10. Sehemu ya tofali nikapitisha fito tatu za nyuzi, yaani vyuma vilivyochongwa nyuzi za nati, milimita 10, hadi chumba cha pili, na huko kila moja ina bamba la chuma la sentimita 10 kwa 10 lililozamishwa kwenye plasta na kupakwa rangi. Bolti zipangwe moja juu, moja chini, zisikae kwenye mstari mmoja, maana ubao uliofungwa kwa mstari mmoja unaweza kupinduka mbele. Mwenye nyumba akikataa kutobolewa chumba cha pili, mwambie mlango uwe mwepesi au usiwe wa reli.

Ubao huo pia unausogeza mlango mbele, usikwaruze skatingi na mbao za fremu.

5. Kupima reli.

Usipime kutoka sakafuni pande mbili. Pima mara moja tu, halafu peleka mstari kwa pima maji, na uigeuze pima maji mwisho kwa mwisho ili ujue haikudanganyi.

6. Nafasi za hanga.

Nimekuta kijana ameweka hanga zote mbili karibu na katikati "ili zibebe vizuri". Kwenye mlango wa sentimita 100, hanga zikiachana sentimita 50, kosa la milimita moja kati yao linakuwa milimita mbili ukipima ukingo kwa ukingo. Zikiachana 88 kosa hilo halizidi milimita moja na kidogo. Kwa hiyo ziende pembeni, katikati ya ule ubao wa wima wa kila upande. Kama una upana wa sentimita 12, basi hanga iko sentimita 6 kutoka ukingoni, pande zote mbili sawa. Zikiingia ndani zaidi, mlango utapita mwisho wa reli kabla roda haijagusa kizuizi. Mstari wa matundu uchorwe kwa skwea kutoka ukingo wa wima, kwa kuwa huo ndio jicho linaulinganisha na fremu. Toboa nusu kila upande.

7. Vya mwisho.

Vile visahani vya kuzuia mlango usiruke reli vifungwe mara tu mlango unapokaa, kabla hujaenda kunywa chai. Mwongozo wa sakafuni ufungwe baada ya mlango kutulia wenyewe kwenye timazi. Ukiufunga mapema utaulazimisha mlango ukae pasipo pake na hutajua kasoro iko wapi. Na mwezi mmoja baadaye urudi na spana, mbao zikikauka nati zinalegea.

Mlango wa Mikocheni bado umelazwa juu ya vibao viwili. Fito za nyuzi nimeagiza, mabamba yanakatwa kesho. Aliyekuwa na randa nimemkabidhi penseli, yeye ndiye atakayegonga ukuta kutafuta linta inaishia wapi na kuichora kabla sijafika.