Yai la kuchemsha kuanzia maji ya baridi: dakika ngapi?

"Wakuu, nikiweka mayai kwenye maji ya baridi, nichemshe dakika ngapi kiini kiwe laini, kizito kama jamu, au kigumu kabisa? Kila mtu ananipa dakika zake."

Mkuu, wote wanaweza kuwa sahihi, ila kila mmoja anaanza kuhesabu kwa wakati wake. Mimi sihesabu tangu ninapowasha jiko. Nahesabu maji yanapoanza kuchemka kwelikweli, yaani mapovu makubwa yanapanda sufuria nzima. Vipovu vidogo vinavyoganda kwenye ganda la yai usivihesabu.

Chukua mfano wa mayai 6 ya ukubwa wa kawaida, yametoka kwenye friji. Yapange safu moja, mimina maji yayafunike kwa kimo cha kidole kimoja kwa upana wake au kuzidi kidogo, kisha weka moto wa wastani. Kwangu maji huchemka baada ya dakika kama 8. Hapo napunguza moto ili yachemke polepole, mayai yasigongane yakapasuka, ndipo naanza kuhesabu. Dakika 3 kiini bado kinamwagika. Dakika 5 hadi 6 ukikata, pembeni kimeshika na katikati kinang'aa, kizito, hakitiririki. Dakika 9 hadi 10 kimekauka chote.

Shida iko kwenye zile dakika za kabla ya kuchemka, maana yai linaiva humo humo. Ute huanza kuganda kwenye nyuzi joto 60 na kitu, na kiini hushika kabisa karibu na 70, wakati maji huchemka kwa 100. Kwa hiyo sufuria kubwa iliyojaa maji, inayochukua dakika 15 kuchemka, huwa imeshayapika mayai nusu njia, na ukiongeza dakika 6 utakuta kiini kigumu. Mayai mawili kwenye maji machache yanachemka upesi, hivyo ongeza kama dakika moja. Ukiwa mahali pa mwinuko mkubwa, maji huchemka kabla ya kufika 100, nako ongeza.

Muda ukifika, yatie mara moja kwenye maji ya baridi sana, yenye barafu ukiwa nayo, na ukiona maji yamepata joto yabadilishe. Ukiyaacha kwenye sufuria ya moto, kiini chako cha dakika 6 kitaendelea kuiva chenyewe. Ile rangi ya kijanikibichi inayozunguka kiini hutokea yai likipikwa kupita kiasi: salfa ya kwenye ute inakutana na madini ya chuma ya kwenye kiini. Haina madhara, ila inanuka.

Mara ya kwanza kwa jiko lako weka yai moja la ziada, litoe dakika ya 5 ulikate. Likiwa bado linamwagika, yaliyobaki yape dakika moja zaidi. Likiwa limeshakauka, toa yote hapo hapo, na safari ijayo punguza maji.

Mjamzito na mtoto mdogo wape yale ya dakika 10.