Barua kwa mwanangu: masta ya London ya wiki nane

"Mama, kuna chuo cha London kinatoa masta mtandaoni kwa wiki nane, dola 900. Wamenitumia cheti cha usajili, barua ya ithibati na muhuri wa serikali ya Uingereza. Bosi anasema nikiwa na masta nitapandishwa. Nilipe?"

Mwanangu mpendwa,

Usilipe. Nimezisoma karatasi zote tatu, na hakuna hata moja inayosema chuo hicho kinaruhusiwa kutoa shahada. Nakueleza kila moja inasema nini hasa, maana wakala huyu akikukosa atakuja mwingine na jina jingine, na karatasi zitakuwa za aina ileile.

Cheti cha usajili kimetoka Companies House, ofisi inayosajili makampuni ya Uingereza. Cheti ni halali, na hapo ndipo wengi wanapotegwa. Mtu aliyekaa hapa Uganda, mjini Arua, anaweza kusajili kampuni pale kwa mtandao, kwa ada ndogo, na hakuna atakayemuuliza kama ana walimu au mitihani. Muuza vitunguu angepewa cheti kama hichohicho. Sasa tazama jina lililoandikwa juu yake: ni Academy Limited, si University kama tovuti yao inavyojiita. Kule neno University linalindwa, na kampuni hairuhusiwi kulisajili bila kibali. Walijua hawatakipata, ndiyo maana wakalibandika kwenye tovuti peke yake.

Muhuri nao ni wa kweli. Unathibitisha kwamba saini ya wakili aliyeshuhudia nakala ni saini yake. Maneno yaliyo juu ya saini hiyo hayahusiki kabisa. Katika miaka yangu ya kupokea faili za waombaji kazi wilayani niliona watu wazima wakiushika muhuri wa namna hiyo kwa mikono miwili kama hati ya shamba, na iliniuma kila mara, kwa sababu walikuwa wamelipa fedha ya kweli.

Barua ya ithibati ndiyo iliyokutia imani zaidi, nadhani, kwa kuwa imetaja UNESCO. UNESCO haitoi ithibati kwa chuo chochote duniani. Halafu fikiri: barua imetoka kwa baraza fulani la kimataifa lisilo na nchi, wakati Uingereza mamlaka ya kutoa shahada hutolewa kisheria, kwa hati ya kifalme, kwa sheria ya Bunge au kwa idhini ya chombo cha serikali kinachosimamia vyuo. Baraza la kujitungia haliwezi kuyatoa. Wanaouza vyeti huunda pia mabaraza ya kuwasifu, kila moja na tovuti yake nzuri.

Kwa hiyo acha karatasi zao, nenda kwenye orodha ya serikali yenyewe: gov.uk/check-university-award-degree. Andika anwani hiyo kwa mkono wako, usifuate kiungo alichokutumia wakala. Mimi nimetafuta jina la chuo chako na halipo. Kuna chuo kinachofundisha tu huku shahada ikitolewa na chuo kikuu kingine, na hilo ni halali. Lakini hapo cheti hubeba jina la chuo kikuu chenye mamlaka, nacho ukikiuliza kitakutajia washirika wake. Muulize wakala swali moja: jina la nani litaandikwa kwenye cheti? Akijibu jina la hicho chuo chake, mazungumzo yamekwisha. Tangu sheria ya elimu ya mwaka 1988, kutoa shahada ya Uingereza bila mamlaka ni kosa la jinai kule.

Tuhesabu pia, kwa sababu hesabu haihitaji hata mtandao. Masta ya Uingereza kwa kawaida ina krediti 180, na kila krediti huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, kusoma na kuandika vikiwemo. Hizo ni saa 1,800. Zigawe kwa wiki nane upate saa 225 kwa wiki. Wiki nzima, usiku na mchana, ina saa 168. Wakikuambia wanakupunguzia kwa sababu ya uzoefu wako wa kazi, jua kwamba chuo halisi huweza kukusamehe sehemu ya masomo baada ya kupima ushahidi, lakini hakiwezi kukusamehe karibu yote kwa kusoma wasifu wako kwenye WhatsApp.

Najua utasema: mbona rafiki yangu alipata kazi kwa cheti cha namna hiyo, na mwajiri alipiga simu chuoni akathibitishiwa? Hapo ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Namba aliyopiga ilikuwa kwenye cheti chenyewe. Mwaka 2015 ilifichuliwa kampuni ya Axact ya Karachi, iliyokuwa ikiendesha mamia ya tovuti za vyuo visivyokuwepo, pamoja na za mabaraza ya ithibati ya uongo, na kituo cha simu chenye watu wa kujibu. Mauzo yakifanyika, simu hupokelewa na jina lako limo kwenye rejista yao. Cheti kama hicho hakijaghushiwa, kimetoka kweli kwa waliokiuza. Ndiyo maana ofisa mwajiri makini haulizi tu kama ulisoma pale. Anauliza kwanza pale ni mahali gani, na mawasiliano ya chuo anayachukua kwenye orodha ya serikali.

Kwa hapa Uganda swali hilo hupelekwa kwenye Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, ambalo hupokea vyeti vya nje na kuvilinganisha na vya kwetu. Chuo kisichotambuliwa kwao hakitatambuliwa hapa. Unaweza kupita miaka mitatu kazini, kisha faili likaitwa siku ya kupandishwa au siku mfadhili anapokagua wafanyakazi wa mradi. Wakati huo haitakuwa dola 900 tu. Utaulizwa kwa nini uliandika hivyo kwenye fomu uliyoitia saini, na hata shahada yako ya kwanza, uliyoitolea jasho, itaanza kutiliwa shaka.

Kama unataka masta, tafuta ya hapa nyumbani, nayo uikague vilevile. Kwenye tovuti ya Baraza hilo, unche.or.ug, angalia vitu viwili, maana kimoja hakitoshi: leseni ya chuo, na ithibati ya kozi yenyewe. Chuo kinaweza kuwa halali na kozi unayoitaka isiwe na kibali. Ithibati ya kozi ina tarehe ya mwisho. Mwaka 2023 kulikuwa na taharuki kubwa kozi nyingi, hata za Makerere, zilipoonekana zimepitwa na muda, na Baraza likaeleza kwamba shahada zilizopatikana wakati kozi ina ithibati zinabaki halali. Wewe unayeanza leo, ukikuta tarehe imepita, mwandikie msajili wa chuo aseme kwa maandishi mapitio yamefikia wapi, na usilipe kabla ya jibu.

Bosi wako mwambie wazi kwamba unatafuta nafasi na itachukua kama miaka miwili. Muulize pia kama barua ya kudahiliwa inatosha kukuweka kwenye orodha ya wanaofikiriwa. Wakala usimtumie nakala ya pasipoti wala ya kitambulisho chako, hata akisema ni ya kukushikia nafasi. Ukipata kozi mbili au tatu, nitumie majina kama yalivyoandikwa kwenye orodha ya Baraza, nitazikagua na tarehe zake Jumamosi.

Mama yako