Video ndefu ya kufundisha: fungua swali la pili kabla hujafunga la kwanza

"Wadau, nafundisha historia sekondari na nimeanza kuweka masomo YouTube, dakika 20 na kitu kila moja. Wanafunzi wangu wanasema wanaelewa vizuri, lakini ile grafu ya watazamaji wanaobaki inaporomoka dakika ya 5 au 6 alafu haiinuki tena. Nifupishe, au kuna vile video ndefu hupangwa?"

Usifupishe kwanza mwalimu. Mtu ambaye angekimbia urefu angekimbia ile dakika ya kwanza, huyu amekaa nawe mpaka ya tano, bando lake linaliwa na bado yuko, alafu ghafla anatoka. Hapo kuna kitu amekisikia kilichomwambia kazi imekwisha, na mara nyingi kitu chenyewe ni jibu. Swali lililomleta limejibiwa na hakuna lingine mkononi mwake.

Ingia YouTube Studio, fungua Analytics ya hiyo video na utafute Audience retention. Mteremko wa polepole usikusumbue, kila video inao. Tafuta pale inaposhuka kama ngazi, rudi nyuma kama sekunde 20 kutoka hapo, alafu usikilize tu bila kuangalia picha. Nilikaa hivo na mwalimu mmoja wa Malindi anayefundisha jiografia, video yake ni ya mikoko na inafundisha kweli kweli, ngazi yake ilikuwa sawa sawa pale aliposema "kwa hiyo hiyo ndo sababu mizizi inatoka juu ya matope", sauti ikashuka, muziki ukapanda, picha ya machweo, kisha "sasa tuingie sehemu ya pili". Kila kitu hapo kinaaga. Na sehemu ya pili ndo ilikuwa tamu zaidi, mambo ya chumvi na vile majani yanavyoitoa, lakini walioifikia ni wachache.

Ntakueleza nilivyopanga ya kwangu ya nyumba za mawe za hapa Amu, yaani Lamu mjini, ni ya dakika 22, manake mfano mmoja wa kufuatilia mwanzo mwisho unasaidia kuliko kanuni kumi.

Mada kwenye daftari ilikuwa ujenzi wa nyumba ya kale: historia, vifaa, mpangilio wa vyumba, mapambo. Ukiifuata hivo unapata masomo manne madogo yaliyobandikwa pamoja, na kila moja likiisha mtu yuko huru kuondoka. Kwa hiyo nikaacha vichwa vya mada nikatafuta maswali, na si maswali yoyote, ni yale ambayo jibu la moja linazaa la pili. La kwanza: kwa nini vyumba vya nyumba hizi ni virefu lakini vyembamba, karibu vyote upana mmoja? Jibu ni boriti. Dari ni mawe na chokaa, mzigo mzito, na boriti ya mkoko inaubeba vizuri kwa upana wa kama mita 2.5 hadi 3 hivi, zaidi ya hapo inaanza kupinda. Basi fundi anaweza kukuongezea urefu wa chumba anavyotaka, lakini upana umeamuliwa na mti. Jibu hilo linazaa la pili: sawa, chumba ni chembamba, lakini kwa nini vimepangwa kimoja nyuma ya kingine mpaka cha mwisho hakina hata dirisha? Jibu ni sitara, unatoka daka la mlangoni unaingia kiwanda, yaani ua wa nyumba, kisha ukumbi wa kwanza unaoitwa msana wa tini, alafu wa pili, msana wa yuu, kila hatua unazidi kuingia kwa watu wa nyumbani mpaka ufike chumba cha mwisho, chenyewe kinaitwa ndani. Na hilo nalo linazaa la tatu: kama ndani ndo kuna giza kuliko kote, kwa nini zidaka, vile vishubaka vya ukutani ambavyo ni pambo kubwa kuliko yote ya nyumba, zimejengwa huko huko gizani?

Ona hapo sijabuni utamu wowote, ni somo lile lile la daftarini, kilichobadilika ni kwamba kila jibu lina mkia. Ukiwa na mlolongo kama huo video ishasimama nusu, ukiwa huna, editi zote za dunia hazitakusaidia.

Sasa mwanzo. Dondoo za mwanzo wengi wetu tunazifanya kama ratiba, "leo tutaangalia historia, kisha vifaa, kisha…", na ratiba haimpi mtu hamu ya kitu. Onyesha kitu ambacho hakijaelezwa. Yangu inaanza na futi ya fundi inavutwa kutoka ukuta hadi ukuta, karibu kabisa, unasoma namba: mita 2 na sentimita 70. Nyumba nyingine, 2 na 65. Nyingine, 2 na 74. Sauti yangu inaingia hapo: nyumba tatu, mafundi tofauti, mitaa tofauti, nani aliwapa kipimo? Alafu klipu mbili fupi za mbele, mtu amebeba boriti begani na mkono unaingia ndani ya kidaka, na ahadi moja: ukimaliza utaweza kuingia nyumba yoyote ya kale ya Amu ukajua umefika chumba gani bila kuambiwa. Sekunde 40 hivi, salamu fupi, kazi inaanza. Jina langu na habari ya kusubskraibu vinakuja baadaye, baada ya jibu la kwanza, mtu akishapata kitu.

Kwenye hizo klipu za mbele kuna mpaka. Onyesha matokeo, sababu ibaki. Ningemwonyesha fundi akisema "boriti haivuki hapa" ningekuwa nimelitoa jibu bure. Na swali la kwanza la dondoo lijibiwe mapema, kabla theluthi ya video kuisha, langu linajibiwa karibu na dakika ya 5. Ukimzungusha mtu mpaka dakika ya 15 hujamshika, umemkasirisha, na komenti zitakwambia.

Tuje kwenye kumnasa upya, ambako ndo tatizo lako liko. Mahali pake ni kwenye jibu lenyewe, na ukingoja sekunde 30 umechelewa. Mimi huliweka swali jipya KABLA jibu la zamani halijakamilika. Kwenye ile video, fundi anaeleza boriti ndani ya msana, na nyuma yake kamera inaona mlango, nyuma ya mlango chumba kingine, nyuma yake giza. Akiwa bado anaongea nauliza "na kule nyuma, mbona hakuna mwanga?" Anasema "huko tutafika", anamalizia habari ya boriti, na sentensi yangu inayofuata tayari inatembea: "Boriti imetupa upana, lakini haikumlazimisha mtu yeyote kuziba dirisha la chumba cha mwisho." Hakuna muziki wa kuaga, hakuna "sehemu ya pili". Maneno kama kwa hiyo, kwa ufupi, tumeona kwamba, yapitie kwenye skripti moja moja, yakiwa katikati ya video ni mlango umeachwa wazi. Darasani ni mazuri, mwanafunzi hana pa kwenda, huku kidole kiko juu ya skrini.

Ila usimnase mtu kwa kitu ambacho hakipo. "Lakini subirini muone kinachofuata" haina swali ndani yake, ukiirudia mara mbili watu wanakuzoea. Kipimo changu ni hiki: hiyo sentensi ingeweza kuhamishwa kwenye video ya mtu mwingine ya mapishi ikakaa sawa? Kama ndiyo, iandike upya kwa kutaja kitu cha somo lenyewe.

Kuvunja mtindo sasa, na hapa watu wanapotea sana, wanafikiri ni kuzumu zumu na milio. Jicho linachoka kwa sababu habari imekaa katika umbo moja muda mrefu, kwa hiyo badilisha umbo la habari. Mimi nikimaliza kuediti naitazama yote bila sauti kwa kasi mara mbili, popote picha inapofanana kwa kama dakika nzima ya video naweka alama. Alafu najiuliza pale nilikuwa nasema nini ambacho kingeweza kuonekana badala ya kusemwa. Katikati ya video yangu, baada ya dakika 12, palikuwa na maelezo marefu ya chokaa. Maneno yote ya mwanzo yakatoka, nikaweka mawe ya chokaa yaliyotoka tanurini, maji yanamwagwa, yanafoka na kutoa mvuke na kupasuka yenyewe, hakuna moto, na hakuna anayeongea kama sekunde 12. Kisha fundi anaingia polepole kueleza kwamba jiwe lilichomwa, sasa linarudishiwa maji, na likishapakwa ukutani litakunywa hewa taratibu mpaka ligeuke jiwe tena. Kwenye grafu pale pamelala sawa, hapashuki. Ule ukimya ulifanya kazi kwa sababu ulikuwa umebeba somo, ningeweka ukimya wa machweo ya Shela wangetoka.

Grafu ikipanda kijilima mahali usifurahi haraka. Inaweza kuwa wamependa, inaweza kuwa hawakuelewa wakarudi. Sikiliza hapo, ukikuta umetaja maneno matatu mapya kwa pumzi moja, ni la pili. Na ikizama alafu ikarudi juu, wameruka, hawajaondoka, kipande hicho ni cha kukata.

Chapta weka, ni video ya kufundisha, watu watarudi kutafuta kitu kimoja na ni haki yao. Zianze 00:00, zisipungue tatu, kila moja isiwe chini ya sekunde 10, la sivyo YouTube haizionyeshi. Mimi huzipa jina la kitu, jibu lake silitaji:

```
00:00 Vyumba vitatu, upana mmoja
00:45 Boriti
05:50 Chumba nyuma ya chumba
12:10 Chokaa
15:40 Zidaka za ndani
20:20 Ingia nyumba uisome
```

Hiyo ya mwisho ndo kulipa ile ahadi, naingia nyumba ambayo mtazamaji hajaiona, natembea kimya na kamera, namwachia sekunde chache kila chumba ajibu mwenyewe kabla sijasema.

Kwa zile ambazo ushaziweka, huwezi kuongeza kipande kipya cha video lakini Editor ya Studio inakuruhusu kukata bila kupandisha upya, link inabaki ile ile. Anza na hiyo ngazi ya dakika ya 5, kata kuanzia neno la kuaga mpaka pale unapoingia kwenye kitu kipya, hata kama ni sekunde 15 tu, uiache wiki mbili uangalie tena grafu kwa tarehe za baada ya kukata peke yake. Na ukiweza piga picha hiyo grafu uiweke hapa, pamoja na sentensi tatu za mwisho ulizosema kabla haijashuka.