Re: e^x = 3x haitaki kufunguka

"Wakuu, niko Malindi, nasoma diploma. Nimeweka log pande zote, x bado iko kote kuwili. Nikianza na 1.1 kwa njia ya tanjenti napata 72. Nakosea wapi?"

Hesabu yako ni sawa, ndugu yangu. Pa kuanzia ndipo pabaya. Log haiwezi kuitenga x hapa, kwa hivyo andika f(x) = e^x − 3x. Mteremko wake ni e^x − 3. Chora tanjenti pale ulipo, uifuate hadi ikate mstari wa x, na hapo ndipo pa kuanzia tena. Kwenye kikokotoo bonyeza `0 =`, kisha andika:

```
Ans-(e^Ans-3*Ans)/(e^Ans-3)
```

Endelea kubonyeza `=`. Utaona 0.5, 0.6101, 0.6190, halafu 0.61906, na tarakimu hazisogei tena.

Sasa ile 1.1. Mteremko ni sifuri kwenye ln 3, yaani karibu 1.0986. Kwenye 1.1 ni 0.004 tu, tanjenti imelala karibu bapa, ndiyo maana ikakurusha hadi 72. Kutoka huko utarudi, lakini kila hatua inapunguza takriban 1 tu, kwa sababu e^x imeimeza 3x. Utabonyeza mara sabini na kitu!

Mkunjo unashuka hadi ln 3 kisha unapanda, na pale chini ni hasi, kwa hivyo majibu ni mawili. La pili litafute ukianzia 2: 1.6835, 1.5435, 1.5135, hadi 1.51213. Ukianza na 1 unarushwa moja kwa moja hadi 0, unaishia kwenye jibu dogo.