Drifti ya asubuhi si ya mchana: kwa mnaoanza kupima maji kwenye mafuta ya transfoma

Mdogo wangu, ukiingia maabara yetu ya Mtwara mwezi wa pili, utaona jasho linakutoka hata ukiwa umekaa. Hewa hiyohiyo inaitafuta seli ya Karl Fischer usiku na mchana. Humo ndani umeme hutengeneza iodini, iodini hula maji, na mashine huhesabu umeme uliotumika. Haijui maji yapi ni ya sampuli na yapi yamepenya kwenye kizibo cha mpira. Yale ya kupenya ndiyo drifti, nayo hupimwa kwa mikrogramu kwa dakika.

Siku moja saa mbili asubuhi niliiandikia mashine drifti kwa mkono, ili iipunguze kwenye kila jibu: 6. Nikatoboa kizibo kilekile sampuli baada ya sampuli. Mchana nikaingiza kimiminika cha kiwango, kile cha ampuli chenye miligramu 1 ya maji kwa kila gramu. Sirinji ilipungua gramu 1.004, kwa hiyo nilitarajia mikrogramu 1004. Mashine ikasema 1076, yaani asilimia 107. Nikalaumu ampuli.

Mwenzangu hakubishana nami. Aliniambia niingize nusu tu. Gramu 0.512 ikatoa 583. Hapo ndipo akanionyesha: mara ya kwanza ziada ni 72, mara ya pili 71. Kama kosa lingekuwa la ampuli, ziada ingepungua pamoja na uzito. Ikibaki ileile, kuna kitu kinachoongeza kwa dakika, si kwa gramu. Drifti ilikuwa imefika 30, mashine ikaendelea kupunguza 6 tu kwa kila dakika. Tofauti ni 24, na kila kipimo kilichukua dakika tatu: 72.

Sasa fikiria mafuta ya transfoma. Sampuli ya gramu 5.02 yenye mikrogramu 55 za maji ni kama 11 kwa milioni. Ongeza hizo 72, unaandika 25. Ziada iliyokuwa asilimia 7 kwenye kiwango imefanya jibu la mafuta kuwa zaidi ya maradufu, na mtu angeweza kuzima transfoma nzima bure. Ndiyo maana kwa mafuta makavu mimi hutumia pia ampuli ya miligramu 0.1, ambayo haina pa kuficha drifti.

Kwa hiyo kabla ya kila kundi la sampuli, subiri. Mimi hutaka drifti iwe chini ya 10, na isiwe inapanda. 15 iliyotulia naiamini kuliko 8 inayokimbia. Iache mashine iisome upya yenyewe, usiikaririshe ya asubuhi. Ikikataa kushuka, tikisa seli taratibu ili kemikali ioshe unyevu wa kwenye kuta, kisha badilisha kizibo, kisha chembechembe za kukaushia hewa. Zetu huchoka upesi wakati wa masika.

Na ampuli ikishafunguliwa, suuza sirinji kwa matone machache, vuta bila mapovu, uitumie papo hapo. Iliyobaki mwaga, hata roho ikikuuma.